SOMO LA KIKUNDI: SENTENSI TATU KABLA YA KUOMBA MAELEZO YA PICHA

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo vikundi vingi hulifanya kila mwezi bila kulifikiria. Mnapiga picha kwa simu, mnaituma kwa WhatsApp, na chini yake mnaandika: "Tuandikieni kapsheni." Pengine mnatutumia sisi wa gazeti hili. Pengine mnamtumia kijana wenu mmoja anayejua kuandika vizuri, au mwalimu wa shule ya jirani. Naye anawarudishia maneno ya aina mbili tatu ili mchague. Mnasoma ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu, hapana kabisa. Mnaanza kuandikiana tena, bando linaisha, na siku zinapita.

Shida mara nyingi haiko kwa mwandishi wala kwa picha. Shida ni kwamba mwandishi amepewa picha peke yake, na picha haisemi mlivyokuwa mkijisikia siku ile. Kwa hiyo anakisia. Leo tunataka tuwaonyeshe njia ya sentensi tatu ambayo humpunguzia kukisia. Tulijifunza njia hii kutokana na kosa, na kosa lilikuwa letu sisi wenyewe.

KIGODA KILICHOKATWA

Kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani kilitutumia picha ya tangi jipya la maji la lita 10,000. Akina mama 14 walikuwa wamesimama kando ya tangi wakiwa na leso zao. Mbele yao, chini, palikuwa na kigoda kitupu. Ujumbe ulisema hivi tu: "Habari zenu. Naomba maelezo ya picha hii kabla ya Jumamosi. Katibu."

Tulifurahi kuipata. Tukaandika maelezo matatu ili wachague:

1. "Kicheko cha maji! Akina mama wafurahia tangi lao jipya."
2. "Asanteni wafadhili: tangi limefika, shida imekwisha."
3. "Maji ni uhai."

Na picha tukaikata kidogo chini ili ionekane safi, kwa maana tulidhani kile kigoda kilisahauliwa hapo na mpiga picha.

Siku mbili zikapita bila jibu. Kisha likaja neno moja: "Hapana." Tukapiga simu. Mama katibu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ndugu zangu, kigoda chetu mmekipeleka wapi?"

Ndipo akatueleza. Kikundi kilikuwa na wanachama 15. Kila mmoja alitoa shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 60. Hesabu yake ni rahisi: 15 mara 100 ni 1,500 kwa wiki, na kwa wiki 60 ni shilingi 90,000. Hakuna mfadhili aliyetoa hata senti. Aliyeanzisha mchango huo, na aliyezunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake, alikuwa mwekahazina. Mama huyo alifariki wiki tatu kabla tangi halijaletwa. Kigoda kilikuwa chake, alikuwa akikikalia katika kila mkutano. Wenzake walikiweka mbele makusudi. Picha ilitakiwa Jumamosi kwa sababu walitaka kuwapelekea watoto wake nyumbani.

Sisi tulikuwa tumeandika "kicheko", tukamshukuru mfadhili ambaye hayuko, na marehemu tukamkata kwa mkasi.

Tuliomba msamaha. Lakini baadaye tulijiuliza: je, tungewezaje kujua? Nyuso zilikuwa zimetulia, hazikucheka wala kulia. Tangi lilikuwa jipya. Mtu yeyote angedhani ni furaha. Yote yaliyokuwa muhimu katika picha ile yalikuwa nje ya picha. Mama katibu aliyajua, nasi hatukumwuliza. Kutoka siku hiyo, yeyote anayetutumia picha tunamwomba sentensi tatu kwanza.

SENTENSI YA KWANZA: PICHA

Sentensi ya kwanza inasema kilichomo katika picha: ni akina nani na ni wangapi, wanafanya nini, na ni wapi. Hapo wengi huishia. Lakini ongezeni jambo moja zaidi, nalo ndilo la maana kuliko yote: semeni ni kitu gani ambacho mgeni akikitazama atakosea.

Kila picha huwa na kitu kama hicho. Tuchukue mfano wa vijana waliokuwa wakichimba matuta ya fanya juu shambani, yale ambayo mtaro unachimbwa na udongo unatupwa upande wa juu ili kuzuia mmomonyoko. Mtu akawapiga picha saa saba mchana. Wamekaa chini ya mti, majembe yamelala. Mgeni akiona picha hii ataandika, "Vijana wakipumzika, kazi ikingoja." Maneno hayo yatawaudhi sana, kwa sababu walikuwa wameanza saa kumi na mbili asubuhi na matuta yote yalikuwa yamekwisha, ila yako nyuma ya mpiga picha. Katibu wao angetuandikia tu "tumekaa kwa sababu kazi imekwisha, na matuta hayaonekani hapa," mwandishi asingekosea.

Msitaje kila kitu. Mtu akiandika mti, mbuzi, baiskeli, mawingu na rangi ya leso, mwandishi hatajua kilicho muhimu ni kipi. Watu, kazi, mahali, na kile kitu kimoja kinachopotosha jicho. Basi.

SENTENSI YA PILI: MOYO

Sentensi ya pili inasema mlivyojisikia. Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu karibu kila kikundi huandika "tuna furaha." Neno furaha ni zuri, lakini ni pana kama shamba lisilo na mpaka. Kuna furaha ya arusi, kuna furaha ya kumaliza deni, na kuna furaha ya mtoto kupona. Mwandishi akipewa "furaha" peke yake atachukua ile ya arusi, maana ndiyo rahisi kuandika.

Kiswahili kina maneno ya kutosha. Jiulizeni: ni fahari, yaani tumejivunia kazi yetu? Ni faraja, yaani mzigo umetuondokea? Ni shukrani, na kwa nani? Ni utulivu? Ni uchovu? Ni wasiwasi? Ni shauku ya kitu kinachokuja? Chagueni moja, kisha lifuatisheni na maneno "kwa sababu". Sababu ndiyo inayompa mwandishi kitu cha kushika. "Tuna faraja" bado ni maneno ya hewani. "Tuna faraja kwa sababu deni la mbegu tumelilipa jana" ni maneno ambayo yanaweza kugeuzwa kuwa maelezo ya picha.

Muwe waangalifu na maneno yanayokaribiana. Uchovu na kukata tamaa si kitu kimoja. Wale vijana wa matuta walikuwa wamechoka, lakini hawakuwa wamekata tamaa. Ukimwambia mwandishi "tumechoka sana" bila sababu, anaweza kuandika maelezo ya watu walioshindwa, na wasomaji wakaanza kuwahurumia watu ambao hawakuomba huruma. "Tumechoka lakini tumeridhika, kwa sababu mvua ikija udongo hautatoroka" haimwachii nafasi ya kukosea.

Na kama mioyo ni miwili? Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hapo tumieni neno "lakini", na mseme ni upande gani ulio mzito. Wale akina mama walikuwa na fahari na huzuni pamoja. Kama wangesema "tuna fahari na huzuni," tungeandika nusu kwa nusu na bado tungekosea, kwa sababu huzuni ndiyo iliyokuwa nzito siku ile.

Jambo jingine: msiweke methali badala ya moyo wenu. Mtu akituandikia "haba na haba hujaza kibaba," tunajua methali, lakini hatujui alivyojisikia. Methali hiyo inafaa mtu anayefurahi, na inafaa pia mtu aliyechoka kungoja.

SENTENSI YA TATU: MSOMAJI NA MPAKA

Sentensi ya tatu inasema maneno yatasomwa na nani na wapi, ni nini kisiandikwe, na urefu wake. Maelezo ya kubandikwa katika ubao wa chifu si sawa na ya kuwatumia watoto wenu walioko Nairobi na Mombasa. Ubaoni watu hawawajui wote, kwa hiyo jina la kijiji na kazi lazima liwepo. Watoto wenu wanawajua tayari, na wanataka kusikia moyo.

Kuhusu kisichoandikwa, tajeni kitu kimoja au viwili tu. "Msiwashukuru wafadhili." "Msitutaje kuwa maskini." "Msiandike utani." Kikundi kikijua kitu gani kitawaudhi wanachama, ni afadhali kukisema mapema kuliko kukirekebisha baadaye. Lakini makatazo yakifika matano au sita, mwandishi ataogopa kila neno na atawapa maneno makavu.

Urefu pia usemwe: mstari mmoja, au miwili. Msiposema, mmoja ataandika maneno matatu na mwingine ataandika barua nzima. Na msimalizie kwa kusema "andika kitu kizuri." Hakuna mwandishi anayekusudia kuandika kibaya, kwa hiyo maneno hayo hayamwongezei chochote.

TURUDI KWENYE TANGI

Haya basi, tuone njia hii ikifanya kazi. Baada ya ile simu, tulimwomba mama katibu aandike sentensi tatu. Hizi hapa:

"Picha ni ya akina mama 14 wa kikundi chetu wamesimama kando ya tangi jipya nyuma ya nyumba ya mwenzetu, na kigoda kitupu kilicho mbele tumekiweka makusudi kwa ajili ya mwekahazina wetu aliyefariki wiki tatu kabla tangi halijaja. Tuna fahari kwa sababu kila shilingi katika zile wiki 60 ilitoka kwetu sisi 15, lakini huzuni ndiyo nzito, kwa maana yeye ndiye aliyeanzisha mchango na hakuyaonja maji yake. Watakaosoma ni watoto wake na majirani, kwa hiyo msiandike kicheko wala wafadhili, na maneno yasizidi mistari miwili."

Angalieni jinsi kila sentensi ilivyofanya kazi yake. Ya kwanza ilikirudisha kigoda mahali pake. Ya pili ilitupa hesabu ya 15, ambayo ikiwekwa kando ya 14 ya sentensi ya kwanza inasimulia yote. Ya tatu ilitufungia njia mbili tulizokuwa tumepotelea. Tukaandika upya:

1. "Mama, kigoda chako kipo. Tangi ulilolianzisha limefika, nasi tumesimama kando yake."
2. "Tulianza tukiwa 15, shilingi mia kila wiki. Leo tangi limesimama, na kiti kimoja ki wazi."
3. "Wiki 60 za mchango, tangi moja, na mwenzetu mmoja ambaye hakuyaonja maji yake."

Jibu lilikuja jioni hiyo hiyo. Walichagua ya pili, wakabadilisha neno moja: badala ya "kiti" waliandika "kigoda". Walisema ya kwanza ni nzuri lakini inafaa kusemwa na watoto wake, wala si na wao. Jumamosi picha ilifika, nzima, haikukatwa.

Oneni pia tofauti ya maelezo matatu ya mwanzo na haya. Yale ya mwanzo hayakutofautiana kwa kweli. Yote matatu yalikisia furaha ile ile. Haya ya pili yana moyo mmoja lakini yanaingia kwa milango mitatu: moja linamsemesha marehemu, moja linahesabu watu, moja linahesabu wiki. Hapo kikundi kina kitu cha kuchagua.

JINSI YA KUZIPIMA SENTENSI ZENU

Kabla ya kutuma, fanyeni jaribio hili, halihitaji zaidi ya dakika tano. Mtafuteni mtu ambaye hajaiona picha. Msomeeni sentensi tatu tu. Kisha mwulizeni: "Unaona nini? Na hawa watu wanajisikiaje?" Halafu mwonyesheni picha.

Akishangaa kwa kitu anachokiona, rekebisheni sentensi ya kwanza. Akikosea moyo, rekebisheni ya pili. Akisema "sasa hii ni ya nini?", ya tatu ndiyo pungufu. Hivyo mnajua pa kugusa, hamna haja ya kuandika zote upya.

Jaribio hilo pia hufichua jambo ambalo maneno hayawezi kuliponya. Kuna wakati moyo na picha havipatani. Mnasema ni siku ya huzuni, kumbe pichani watatu wanacheka kwa sababu mpiga picha alitania. Hapo msimlazimishe mwandishi. Ama tafuteni picha nyingine ya siku ile, ama semeni wazi katika sentensi ya kwanza kwa nini wanacheka.

Maelezo yakirudi, yapimeni pia. Chukueni lile mlilolipenda, mfikirie limewekwa chini ya picha ya kikundi cha ng'ambo ya mto. Kama linakaa sawasawa, basi si lenu. "Maji ni uhai" lingeweza kuwekwa chini ya picha ya tangi lolote katika Kenya. "Tulianza tukiwa 15" haliwezi kuhamishwa.

SENTENSI TATU HAZITOSHI KWA YOTE

Kuna mambo mawili ambayo msiyategemee sentensi hizi kuyafanya. La kwanza ni majina. Kama majina ya watu yatachapwa, yaandikeni kando, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kisha wa mbele, herufi kwa herufi. Mwandishi hawezi kukisia kama ni Mwikali au Mwikalli.

La pili ni ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila kibali cha wazazi. Maelezo yakiwa mazuri namna gani, hayaondoi kosa hilo. Kama kuna mtoto katika picha, mwulizeni mzazi kwanza. Na kwa marehemu, ingawa ni jambo la heshima tu, waulizeni jamaa zake. Wale akina mama walimwuliza binti mkubwa wa mwekahazina kabla kigoda hakijatolewa nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Tafuteni picha moja ya kikundi chenu iliyo katika simu ya mmoja wenu. Ni kitu gani ndani yake ambacho mgeni angekosea?

2. Kila mtu aseme kwa neno moja alivyojisikia siku ile, bila kutumia neno "furaha". Je, maneno yenu yanafanana? Kama hayafanani, ni upande gani uliokuwa mzito?

3. Je, kuna maelezo ya picha yaliyowahi kuwaudhi? Sentensi ipi kati ya tatu ingezuia jambo hilo?

4. Andikeni sentensi zenu tatu, mzisome kwa jirani ambaye hajaiona picha, na mrekebishe ile moja aliyokosea. Kisha ndipo mtume.